Maneno ya Baba Askofu yamekatwa: tuanzie wapi?

*Shikamoo Mama,*

*Mimi ni katibu katika ofisi ya dayosisi moja huku Kanda ya Ziwa. Jumapili iliyopita Baba Askofu alihubiri kwa dakika 47. Katikati ya mahubiri aliwasema wale wanaozunguka majumbani na chupa za mafuta wakiwaambia wagonjwa waache dawa za ARV. Kijana mmoja wa kwaya alirekodi kwa simu, akaweka kipande cha sekunde 11 kwenye statusi yake. Hakuwa na nia mbaya. Alichagua pale kwa sababu sauti ya Baba Askofu ilikuwa imepanda. Katika kipande hicho anasikika akisema: "Acheni dawa za ukimwi, Mungu ameshawaponya, mkiendelea kumeza vidonge mnamdharau Mungu." Basi. Alichosema kabla na baada ya hapo hakimo.*

*Jumatatu asubuhi gazeti moja lilitoka na kichwa cha habari: "Askofu: Acheni ARV, Mungu ameponya." Redio mbili zikalisoma gazeti hilo hewani. Jioni makundi yote ya WhatsApp yalikuwa na kile kipande. Jana mama mmoja wa usharika wetu, ambaye amekunywa dawa hizo kwa miaka tisa, alikuja ofisini kumshukuru Baba Askofu. Alisema ameziacha tangu Jumatatu.*

*Nimeagizwa niandike taarifa kwa vyombo vya habari. Nimeandika kurasa tatu na ninakutumia. Baba Askofu amekasirika sana na anataka tuseme wazi kwamba hakutamka maneno hayo. Wazee wa halmashauri wengine wanasema tunyamaze, litapita lenyewe. Nifanye nini?*

*Katibu*

---

Marahaba, mwanangu Katibu.

Barua yako haikuwa ya kusubiri toleo hili, na ndiyo maana nilikupigia simu jioni ile ile. Jambo la kwanza nililokuambia nalirudia hapa, kwa kuwa wengine watasoma: kabla ya kumaliza taarifa, mfuate yule mama nyumbani kwake. Nenda na mchungaji wa usharika wake, au bora zaidi na Baba Askofu mwenyewe. Mtu akiacha ARV, virusi vilivyokuwa vimefubazwa huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache, na kuzimeza kwa kuruka-ruka huvipa nafasi ya kuzizoea dawa. Kwa hiyo jambo hili haliwezi kuachwa lipite lenyewe. Wazee wanaoshauri kunyamaza wanafikiria heshima ya ofisi, na heshima kweli hujirudisha polepole. Mgonjwa aliyeacha dawa hana muda huo.

Sasa tuje kwenye taarifa. Nilikaa chumba cha habari miaka mingi kabla ya kuanza kuwaandikia wengine taarifa, na nimezipokea nyingi za aina ya hii uliyonitumia. Inaanza hivi: "Ofisi ya Askofu imesikitishwa sana na upotoshaji wa makusudi unaofanywa na vyombo vya habari vyenye nia ovu dhidi ya kanisa." Ukurasa wa pili unasema: "Baba Askofu hajawahi kutamka maneno hayo." Dawa zinatajwa kwa mara ya kwanza ukurasa wa tatu, chini kabisa.

Hapo kuna makosa mawili, na moja ni zito kuliko lingine. Umewatuhumu watu kwa nia ambayo wewe mwenyewe, katika barua yako, umeniambia haikuwapo: aliyekata kipande ni kijana wenu wa kwaya. Hilo linarekebishika kwa kufuta mstari mmoja. Kosa lenyewe zito ni kukana. Baba Askofu aliyatamka maneno yale. Kila mwenye simu ameyasikia kwa sauti yake. Ukisema hakuyatamka, mwandishi atacheza kipande hewani, kisha atasoma taarifa yako, na msikilizaji ataamua nani mwongo. Baada ya hapo hata sehemu ya kweli ya maelezo yako haitasikilizwa.

Hali yenu haihitaji kukana hata neno moja. Alitamka maneno ya watu wengine ili ayakatae. Kazi ya taarifa ni kurudisha sentensi zilizokuwa kabla yake na zilizofuata, kisha kumwachia msikilizaji ahukumu mwenyewe.

Kwanza sikiliza, kwa masikio yako

Usiandike kwa kumbukumbu ya mtu yeyote, hata ya Baba Askofu. Mhubiri hukumbuka alichokusudia, na msikilizaji hukumbuka kilichomgusa. Tafuta rekodi nzima kwa fundi wa mitambo wa kanisa. Kaa mahali tulivu na uandike neno kwa neno, kuanzia dakika mbili kabla ya kipande hadi dakika mbili baada yake, ukiandika pembeni dakika na sekunde. Usinyooshe sarufi. Kama alikohoa, akarudia neno au akaanza sentensi bila kuimaliza, acha ilivyo. Mhariri atalinganisha karatasi yako na rekodi, na akikuta umeipamba sehemu moja ataitilia shaka yote.

Ulifanya hivyo usiku ule, na haya ndiyo uliyonisomea kutoka dakika ya 31:

"Siku hizi wapo wanaozunguka majumbani kwenu. Wanakuja na chupa ya mafuta. Wanasema, acheni dawa za ukimwi, Mungu ameshawaponya, mkiendelea kumeza vidonge mnamdharau Mungu. Ndugu zangu, hiyo si imani. Huko ni kumjaribu Mungu. Hata hizo dawa ni mkono wa Mungu. Meza dawa yako, halafu piga magoti."

Ukishapata maandishi kama hayo, yafanyie mtihani kabla ya kudai kwamba maneno yamekatwa. Mpe mtu asiye wa dayosisi yenu, na ikiwezekana asiye wa dini yenu, kile kipande kwanza, kisha maandishi yote. Muulize: maana imebadilika? Majibu huwa ya namna tatu. Anaweza kusema imegeuka kabisa, na hapo madai yenu yana miguu. Anaweza kusema imepungua ukali lakini bado haijanyooka. Hapo mna kazi ya kufafanua, pamoja na kukiri kwamba lugha haikuwa wazi. Na anaweza kusema maana ni ile ile. Hapo hakuna kilichokatwa. Kiongozi alisema alichosema, na linalotakiwa ni kuomba radhi au kuusimamia msimamo wake mbele ya watu. Viongozi wengi wa dini wamejificha nyuma ya maneno "nilinukuliwa vibaya" katika hali hii ya tatu, na ndiyo sababu wahariri wanapoyasikia hukunja uso. Mficha uchi hazai. Kama mtihani ungewaangusha, ningekuambia hivyo.

Kwenu umewapitisha, ila si kwa alama zote. Nitalirudia hilo.

Siku tano za Septemba 2006

Kuna tukio la kweli linalofanana na lenu kwa umbo, nalo linafundisha kwa mazuri yake na kwa kuchelewa kwake.

Tarehe 12 Septemba 2006 Papa Benedikto wa 16 alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani, alikowahi kufundisha. Mada ilikuwa imani na akili. Karibu na mwanzo alinukuu maneno ya Manueli wa Pili Palaiologos, mfalme wa Bizanti, aliyekuwa akijadiliana na msomi mmoja Mwajemi mwishoni mwa karne ya 14. Mfalme yule alimsema Mtume Muhammad kwa ukali mkubwa. Papa alitaja kwamba maneno hayo ni ya mfalme, na kwamba yalisemwa kwa ukali wa kushangaza, kisha akaendelea na hoja yake. Katika habari zilizozunguka dunia ile nukuu ilibaki peke yake, kama maneno ya Papa mwenyewe. Maandamano yakazuka katika nchi nyingi, na huko Palestina makanisa yakashambuliwa.

Tazama mpangilio wa majibu. Tarehe 14 msemaji wa Vatikani, Padre Federico Lombardi, alitoa taarifa ya kwanza. Ilisema kwamba Papa hakukusudia kuwaudhi Waislamu, na kwamba anataka heshima na mazungumzo. Yote yalikuwa kweli, lakini hayakuwa jibu la swali ambalo watu waliliuliza barabarani: je, unakubaliana na yule mfalme? Jibu la moja kwa moja lilikuja tarehe 16, katika taarifa ya Kardinali Tarcisio Bertone, katibu mkuu mpya wa Vatikani: Papa hakukusudia, wala hakusudii, kuyafanya maoni ya mfalme kuwa yake. Tarehe 17, siku ya Jumapili, Papa mwenyewe alilisema jambo hilo kwa kinywa chake huko Castel Gandolfo, na akaeleza masikitiko yake kwa yaliyotokea.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 17, mjini Mogadishu, Sista Leonella Sgorbati, mtawa Mwitaliano wa shirika la Konsolata aliyefundisha wauguzi Kenya kwa miaka mingi kabla ya kwenda Somalia, alipigwa risasi na kuuawa pamoja na Msomali aliyekuwa akimlinda, Mohamed Mahamud. Haijathibitishwa kwamba waliuawa kwa sababu ya mhadhara ule, ingawa wengi siku zile waliyahusisha mambo hayo mawili. Nalitaja kwa sababu moja. Maneno yaliyokatwa yakiwa bado yanazunguka, kila siku ya kuchelewa huwapitia watu ambao hawakuhudhuria mhadhara wala hawakuandika habari.

Kuna la pili la kujifunza hapo. Maandishi ya mhadhara yaliyotolewa siku ile yalikuwa na maelezo kwamba ni ya muda na kwamba yangeongezewa tanbihi baadaye. Toleo rasmi lilipotoka, sentensi ya kuitambulisha nukuu ilikuwa imeongezewa kwamba ukali ule haukubaliki kwetu, na tanbihi ikaeleza kwamba nukuu si msimamo wa Papa. Kwa maneno mengine, Vatikani ilikubali kwamba hata kwa aliyesoma mhadhara wote, umbali kati ya Papa na mfalme haukuonekana vya kutosha. Kuwarudishia watu muktadha kulisaidia, lakini hakukumaliza kazi. Ilibidi pia sentensi yenyewe inyooshwe, na inyooshwe mbele ya watu.

Mwezi uliofuata, Oktoba 2006, wanazuoni 38 wa Kiislamu walimwandikia Papa barua ya wazi. Walipokea maelezo yake na pia wakaonyesha, hoja kwa hoja, mahali ambapo mhadhara ulikuwa umekosea kuhusu Uislamu. Mwaka mmoja baadaye wanazuoni 138 waliandika waraka mwingine mrefu zaidi, wa kuwaalika Wakristo kwenye mazungumzo. Mlango huo haukufunguliwa na taarifa ya kwanza iliyozungumza kwa ujumla. Kilichoufungua ni mtu kusema waziwazi "hayo si maoni yangu", kisha kukubali kuulizwa zaidi.

Kosa dogo la Baba Askofu

Sasa nirudi kwenye alama mlizozikosa. Sikiliza tena: "Wanasema, acheni dawa za ukimwi." Neno "acheni" ni amri, na amri ya Kiswahili haina kiambishi cha kumtaja msemaji. "Wanasema" ndilo neno pekee linaloonyesha kwamba maneno ni ya wengine. Likikatwa, amri inabaki haina mwenyewe, na anayeitamka ndiye anayekuwa mwenye nayo. Ongeza na desturi ya wahubiri wetu: wakimwigiza mtu hupandisha sauti. Kwa hiyo sehemu yenye maneno ya uongo ndiyo iliyokuwa na mvuto kuliko zote, na kijana wa kwaya aliichagua kwa sababu hiyo hiyo. Tena watu wetu wanaokumbuka mwaka 2011, magari yalipopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, hawaoni ajabu kusikia mtumishi wa Mungu akitangaza uponyaji. Kipande kilikuta masikio yaliyokwisha kuandaliwa.

Simlaumu Baba Askofu. Nataka akubali sentensi moja ndani ya taarifa: kwamba aliyesikia kipande peke yake angeweza kwa haki kudhani maneno ni yake. Najua hataipenda. Mwambie mkiwa wawili, si mbele ya halmashauri, kwamba sentensi hiyo haimpunguzii kitu, maana kila aliyekisikia kipande anajua tayari kwamba ndivyo ilivyo. Itamwezesha kuwaomba radhi wagonjwa bila kukiri kosa ambalo hakulifanya. Anaomba radhi kwa taharuki waliyoipata. Mafundisho yake hayahusiki, kwa kuwa yalikuwa sahihi.

Kwa siku zijazo, mwombe ajizoeze kuyabeba maneno ya wapinzani ndani ya sentensi inayoyakana. Badala ya "Wanasema, acheni dawa", aseme: "Wanaowaambia muache dawa wanawadanganya." Jaribu kuikata sentensi hiyo popote upendapo. Ukianza katikati, utabaki na "muache dawa wanawadanganya", na kila mtu atasikia kwamba kuna kilichokatwa.

Piga simu kabla ya kutuma

Kabla taarifa haijatoka, mpigie mhariri wa lile gazeti. Usimpigie mwandishi, maana mara nyingi kichwa cha habari hakuandika yeye. Mwambie kwa utulivu: tuna rekodi nzima, nakutumia dakika nne zenye kipande kile katikati, naomba uzisikilize sasa hivi wakati nipo kwenye simu. Kisha omba vitu vitatu vinavyotekelezeka: kichwa cha habari kibadilishwe mtandaoni, kile kipande kiondolewe au kiwekwe kikiwa kamili, na marekebisho yachapishwe ukurasa ule ule habari ilipotoka. Andika saa uliyopiga na alichojibu.

Wahariri wengi, wakisikiliza wenyewe, hurekebisha. Mimi mwenyewe nilipokuwa mezani nilirekebisha haraka kwa waliokuja na rekodi, na nilichelewa kwa waliokuja na vitisho, kwa sababu barua ya vitisho hupelekwa kwa mwanasheria kwanza, na mwanasheria hana haraka. Mkikataliwa kabisa, lipo Baraza la Habari Tanzania, ambalo hupokea malalamiko na kusuluhisha. Lakini njia hiyo huchukua muda, na yule mama anahitaji jibu leo. Ifuateni baadaye ikibidi.

Taarifa yenyewe

Iwe ukurasa mmoja. Kichwa chake kibebe ukweli na kisirudie uongo. Ukiandika "Askofu akanusha kuwataka watu waache ARV", anayepitisha macho ataona "Askofu" na "waache ARV", na utakuwa umesaidia kuueneza uongo huo. Tulivyoiandika mimi nawe kwa simu ni hivi:

> TAARIFA KWA VYOMBO VYA HABARI
> Alhamisi, saa 3:00 asubuhi
>
> Baba Askofu: Endeleeni kumeza ARV kila siku
>
> Baba Askofu anawasihi wote wanaotumia dawa za ARV waendelee kuzimeza kila siku kama walivyoelekezwa na wahudumu wa afya. Aliyeziacha kwa sababu ya habari zilizoenea tangu Jumatatu, tafadhali arudi kliniki yake leo, bila kuona haya.
>
> Katika mahubiri ya Jumapili, Baba Askofu alitaja maneno ya watu wanaowakataza wagonjwa dawa, kisha akayakataa. Kipande cha sekunde 11 kinachosambazwa kina maneno ya watu hao peke yake. Alichosema chote, kuanzia dakika ya 31, ni hiki:
>
> "Siku hizi wapo wanaozunguka majumbani kwenu. Wanakuja na chupa ya mafuta. Wanasema, acheni dawa za ukimwi, Mungu ameshawaponya, mkiendelea kumeza vidonge mnamdharau Mungu. Ndugu zangu, hiyo si imani. Huko ni kumjaribu Mungu. Hata hizo dawa ni mkono wa Mungu. Meza dawa yako, halafu piga magoti."
>
> Baba Askofu anakubali kwamba mtu aliyesikia kipande hicho peke yake angeweza kudhani maneno hayo ni yake. Anawaomba radhi wagonjwa na familia zao kwa taharuki waliyoipata.
>
> Rekodi ya mahubiri yote, dakika 47, inapatikana ofisini na itatumwa kwa yeyote atakayeiomba. Tunaviomba vyombo vilivyotangaza kipande hicho vitangaze maneno kamili mahali pale pale na kwa saa ile ile.
>
> Katibu wa Dayosisi, kwa niaba ya Baba Askofu
> (Namba ya simu ya ofisi)

Angalia kilichokosekana. Hakuna neno "upotoshaji", hakuna "nia ovu", na hakuna hata "nje ya muktadha". Msomaji akishaona maneno yote, atalifikia hilo peke yake. Angalia pia kwamba aya ya kwanza inasimama bila nyingine. Redio nyingi zitasoma sentensi mbili tu, na hizo ndizo zitakazowafikia wagonjwa. Kama zingekuwa zinamtetea Askofu, mgonjwa asingepata kitu.

Nimeiweka saa kwa makusudi. Taarifa ikifika asubuhi inapata taarifa ya habari ya mchana na gazeti la kesho. Ikifika usiku, ukurasa umeshafungwa na utakuwa umepoteza siku nzima. Na kabla ya kuituma, Baba Askofu aisome yote kwa sauti mbele yako na kuikubali. Taarifa ikishatoka halafu yeye akamwambia mwandishi jambo tofauti kwenye simu, mtakuwa na taarifa mbili, na yenu haitakuwa na nguvu tena.

Ifike kilikofika kipande

Kipande hakikusafiri kwa karatasi. Kilisafiri kwa sauti, simu hadi simu. Kwa hiyo mwombe Baba Askofu arekodi kwa simu ya kawaida ujumbe wa sekunde 40: ajitaje, aseme "Mimi nasema, mezeni dawa zenu", kisha aeleze kwa sentensi mbili kilichotokea. Neno "Mimi" liwe la kwanza, ili hata ukikatwa ujumbe huo ubaki na mwenyewe. Mpe kijana wa kwaya auweke kwenye statusi yake na kuutuma kwenye makundi aliyomo. Usimfukuze wala kumsema madhabahuni. Anajua alikituma wapi, na hakuna katika ofisi yenu anayeijua njia hiyo kama yeye.

Peleka nakala za taarifa kwa wauguzi wa CTC zilizo karibu na sharika zenu. Mgonjwa anayesita humwuliza muuguzi kabla ya kumwuliza mchungaji, na muuguzi mwenye karatasi iliyosainiwa na ofisi ya Askofu ana jibu mkononi. Waombe pia wakuambie, bila kutaja jina la mtu, kama wameona watu wasiofika tarehe zao. Hicho ndicho kipimo cha kama ujumbe umefika. Idadi ya magazeti yaliyoichapisha taarifa haitakuambia hilo.

Kisha isomwe katika sharika zote Jumapili hii, na Jumapili mbili zinazofuata. Najua itaonekana inachosha. Lakini marekebisho hayakimbii kama uvumi, na kliniki nyingi huwapa watu tarehe zilizopishana kwa wiki na miezi. Aliyeziacha Jumatatu ile anaweza kuwa na chupa yenye vidonge kabatini, na asionekane amekosa chochote hadi tarehe yake ifike.

Jambo moja taarifa haiwezi kulifanya, na usijilaumu kwa hilo. Wapo watakaokisikia kipande na wasisikie chochote kingine maisha yao yote. Wengine watasema Askofu amelazimishwa kukana. Hao hawafikiwi kwa taarifa ya pili wala ya tatu, na kila taarifa mpya inayojibizana itakichezesha kipande upya. Iandike mara moja, ikiwa kamili, kisha uachie kazi watu wanaoingia majumbani: wazee wa mtaa, wainjilisti, akina mama wa umoja wenu. Walioanzisha tatizo hili waliingia milango hiyo hiyo na chupa zao.

Umeniandikia tena kwamba mlikwenda na Baba Askofu kwa yule mama, na kwamba hakuamini hadi alipozisikia dakika zote nne kwenye simu yako, mara mbili. Ya kwanza alinyamaza. Ya pili aliuliza kwa nini hawakumwekea yote tangu mwanzo. Kila mtakapotaka kuandika taarifa nyingine, anza na swali hilo la mama, kisha uwape watu yote.